Unga wa muhogo umetulaza hospitali, gunia limebaki. Nitupe au kuna namna?

BabaNeema_Mbeya

Habari za humu wakuu. Niende moja kwa moja.

Mwezi uliopita mke wangu alinunua gunia la unga wa muhogo hapa Mbeya mjini, bei nzuri kuliko sembe. Unga mweupe, mkavu, hauna wadudu. Jumamosi mchana tukapika ugali, mboga ilikuwa majani ya maboga. Binti mdogo akasema ugali mchungu, akaambiwa aache kudeka. Tulikuwa watu sita mezani.

Kama saa kumi na moja jioni mdogo akaanza kutapika. Baadaye kaka yake naye, anasema kichwa kinazunguka, miguu haina nguvu. Mimi na mama yao tulikuwa na kichwa kinagonga na tumbo linasokota. Mgeni wetu, ambaye alikula kidogo kwa sababu alifika ameshiba, hakupata kitu. Tukakimbilia hospitali, watoto wakalazwa, wakawekewa hewa na dripu, kesho yake mchana tukarudi nyumbani. Daktari aliuliza swali moja tu la maana: "Muhogo huo uliloweshwa?" Nikabaki namwangalia.

Nimemtafuta aliyeuza. Anasema na yeye alinunua makopa kutoka milimani juu ya ziwa, upande wa Ludewa, mihogo ikamenywa, ikapasuliwa, ikaanikwa kwenye mawe, basi. Mwaka ulikuwa wa ukame na wanunuzi walikuwa wanasubiri na gari.

Maswali mawili. Kwa nini jua kali lote lile lisitoe sumu? Na hili gunia, zimebaki kama kilo sitini, nifanye nini?

---

Mla_Vyote

Pole sana mkuu. Hapo kosa ni jikoni. Sumu ya muhogo ni sayanaidi, nayo ni hewa, ikipata moto inaruka. Pika ugali muda mrefu, usifunike sufuria, koroga sana. Bibi yangu alikuwa anachemsha mihogo michungu mizima, anamwaga maji, tunakula. Niko hapa naandika.

---

Mama_wa_Matema

Poleni baba Neema, na watoto wapoe. Mwanangu Mla_Vyote, bibi yako alikuwa na mihogo mitamu, akakuambia ni michungu ili msiibe shambani.

Sisi huku Kyela muhogo mchungu haupandi jikoni kabla haujapita majini. Unamenya, ganda lote la nje na lile nene la ndani lenye rangi ya waridi. Unakata vipande vya urefu wa kiganja. Unatia kwenye pipa au mtungi, maji yafunike kabisa, unafunika. Siku ya tatu maji yanatoa povu na harufu inakuwa kali, mtoto wa mjini anaziba pua. Unatoa kipande unakiminya. Kikisambaratika mkononi, tayari. Kikiwa na kiini kigumu katikati, rudisha.

Kikiwa tayari unavuta nyuzi za katikati, unakanda, unatia kwenye kiroba na kuweka jiwe juu usiku kucha maji yachuruzike. Asubuhi unavunjavunja mabonge madogo unaanika kwenye jamvi. Unga wake unanukia uchachu kidogo na ugali wake unavutika. Huo unga wako haukunukia chochote, sivyo?

---

BabaNeema_Mbeya

Shikamoo mama. Haukunukia kitu kabisa. Tulidhani ndiyo usafi wenyewe.

---

Mfugaji_Igurusi

Mimi mbuzi wangu wawili walikufa mwaka juzi, walikula majani ya mihogo, tena walikuwa wazima asubuhi. Nilimlaumu jirani kwamba ameweka sumu ya panya. Sasa nasoma hapa nashangaa. Ina maana mbuzi nao wanatakiwa kulowekewa?

---

Maabara_Kwanza

Baba Neema, pole. Nafanya kazi maabara, na suala la muhogo nimelifuatilia miaka mingi. Nianze na swali lako la jua, maana hapo ndipo wengi wanapotea, na Mla_Vyote yuko nusu njia.

Muhogo mbichi hauna sayanaidi iliyo huru inayosubiri kuruka. Sumu imefungwa ndani ya kitu kiitwacho linamarini, ambayo ni kama sukari iliyoshikana na sayanaidi. Haina harufu, haipeperuki, inavumilia moto wa jikoni bila shida. Pembeni yake, kwenye kuta za chembe za muhogo huohuo, kuna kimeng'enya kinachoweza kuivunja. Hivi viwili mmea umevitenganisha. Vinakutana pale tu chembe zinapopasuka: mdudu akitafuna, mbuzi akitafuna, wewe ukikwangua, au muhogo ukioza majini. Vikikutana, linamarini inavunjika na sayanaidi inatoka, na hiyo sasa ndiyo hewa anayoisema Mla_Vyote. Inachemka kwenye nyuzi joto 26 hivi, kwa hiyo hata joto la mchana linaiondoa.

Sasa chukua muhogo mzima, au vipande vikubwa, ukautia kwenye maji yanayochemka. Moto unaua kimeng'enya kabla hakijakutana na linamarini. Umemuua mfanyakazi, mzigo umebaki. Ukikata vipande vidogo sana kwenye maji mengi na kuyamwaga, sehemu ya linamarini inayeyukia majini, labda nusu. Kwa muhogo mtamu inatosha. Kwa mchungu haitoshi.

Jua nalo linafanya hivyohivyo kwa njia nyingine. Kipande kikikauka haraka, maji yanaisha kabla kazi ya kuvunja haijakamilika, na bila maji kimeng'enya hakifanyi kitu. Kukausha peke yake huacha kama robo hadi theluthi ya sumu yote. Jua likiwa kali na kipande kikiwa chembamba, ndivyo kazi inavyokatika mapema. Yale mawe ya moto ya Ludewa aliyoyataja muuzaji ndiyo yaliyowaponza.

Mfugaji, mbuzi halowekewi. Unamzuia tu asifike. Majani mabichi yana sumu nyingi kuliko nyama ya mzizi, na meno ya mbuzi ndiyo yanayofanya kazi ya kuipasua. Siwezi kusema wako walikufa kwa hilo bila kuwapima, lakini kumwomba jirani radhi hakugharimu.

---

Mla_Vyote

Mkuu Maabara, nakuelewa kuhusu muhogo mzima. Lakini huu ni unga. Umesagwa, chembe zote zimepasuka. Si kimeng'enya na linamarini vimeshakutana mashineni?

---

Maabara_Kwanza

Swali zuri. Vimekutana vikiwa vikavu. Haviwezi kufanya kazi mpaka maji yaingie. Na maji yanapoingia kwenye ugali yanaingia yakiwa yanachemka, kimeng'enya kinakufa palepale. Ndiyo maana kukoroga nusu saa bila kufunika kunaondoa ile sayanaidi kidogo iliyokwisha kuachiwa, lakini linamarini unaimeza nzima. Ikifika tumboni, bakteria wa utumbo wana vimeng'enya vyao wenyewe. Wanaivunja pole pole, na ndiyo maana mtu hapati kizunguzungu mezani bali saa kadhaa baadaye. Mlikula mchana, mtoto akatapika saa kumi na moja. Sehemu nyingine inapita na kutoka kwenye mkojo bila kuvunjika, vinginevyo mngekuwa na habari mbaya zaidi.

Nikuonyeshe hesabu. Siyo ya gunia lako, sijalipima, ila ya muhogo mchungu wa kawaida. Tuseme kilo moja mbichi iliyomenywa ina miligramu 300 za sayanaidi iliyofungwa. Mwaka wa ukame inaweza kuzidi hapo, mmea ukikosa maji unaongeza sumu. Kilo tatu mbichi zina miligramu 900, na zikikauka zinatoa kilo moja hivi ya unga. Jua limebakiza theluthi, yaani 300. Umeona? Theluthi mbili za sumu zimeondoka, na theluthi mbili za uzito nazo zimeondoka kama maji, kwa hiyo kila kilo ya unga ina sumu ileile kama kilo ya muhogo mbichi. Kiwango cha kimataifa cha unga wa muhogo ni miligramu 10 kwa kilo.

Mtoto wa kilo 15 akila ugali wa gramu 150 za unga huo amemeza miligramu 45, sawa na 3 kwa kila kilo ya mwili wake. Kiasi kinachoweza kuua binadamu huhesabiwa kati ya 0.5 na 3.5 kwa kilo ya mwili. Mtu mzima wa kilo 70 akila mara mbili ya mtoto, kwa kila kilo ya mwili bado amepata chini ya nusu ya kipimo cha mtoto. Ndiyo maana nyinyi mliumwa kichwa na wao wakalazwa.

Mihogo hiyohiyo ingelala majini kwa Mama wa Matema mpaka ikalainika, ingebaki asilimia chache tu, na kukausha kungemalizia sehemu ya hizo.

---

Kitulo_Baridi

Naomba niulize kwa Mama wa Matema. Mimi niko Makete, mihogo huwa naletewa. Nililoweka siku tatu kamili kama kila mtu anavyosema. Haikulainika, haikutoa povu, ilikuwa kama imetoka kwenye friji. Nikaianika hivyohivyo. Ni salama?

---

Mama_wa_Matema

Siyo salama mwanangu. Huku kwetu ziwani ni joto, wewe uko kwenye barafu. Mimi siku sizihesabu, naminya kwa vidole. Mwezi wa saba hata huku Kyela muhogo unachelewa siku moja na zaidi.

Chukua vipande viwili vitatu vilivyokwisha lainika vya mtu mwingine, au kopo la maji yake ya zamani, tia kwenye pipa lako. Weka pipa jikoni karibu na mafiga, siyo nje. Na usibadilishe maji kila siku, utaanza upya kila asubuhi.

---

Maabara_Kwanza

Mama kasema yote. Kinacholainisha muhogo ni wadudu wadogo wanaochachusha, nao wanapenda joto la 30 kwenda juu. Wakishaozesha kuta za chembe ndipo kimeng'enya kinaifikia linamarini, na iliyobaki inayeyukia kwenye maji. Muhogo ambao haujalainika, hata ukilala wiki, kwa sehemu kubwa umeoga tu. Kitulo_Baridi, kama umeshausaga unga huo usiwape watoto.

Maji ya pipa mwageni mbali na kisima na bwawa la samaki.

---

Mchuuzi_Sokoni

Mimi nauza unga, na niseme upande wetu. Mteja akinusa uchachu anasema umeoza, anarudisha. Mteja anataka mweupe usio na harufu, tena rahisi. Mkulima akiloweka anapoteza siku nne tano na gari limeondoka. Halafu mkiugua mnamtafuta muuzaji. Mbona mihogo mingi tunauza bila kuloweka na hakuna aliyekufa?

---

Mama_wa_Matema

Kwa sababu mingi ni mitamu. Ule wa milimani wanaupanda mchungu makusudi, nguruwe na nyani hawaugusi. Aliyeupanda anajua. Wewe hukumuuliza.

---

Mchuuzi_Sokoni

Sawa mama, lakini makopa yakishafika sokoni utatofautishaje? Yote meupe.

---

Maabara_Kwanza

Kwa macho huwezi, hapo mchuuzi ana haki. Uchungu unasaidia kwa muhogo mbichi, linamarini yenyewe ni chungu, ukiuma ncha ya mzizi unaisikia, ingawa siyo kipimo cha kutegemea peke yake. Ukishakuwa unga, ukachanganywa na wa muhogo mtamu, ulimi unadanganyika. Kuna karatasi ya manjano ya pikrati: unaweka unga kidogo na maji kwenye kichupa, unaning'iniza karatasi ndani, unafunga mpaka kesho. Ikigeuka kahawia, sayanaidi ipo, na kadiri inavyokolea ndivyo ilivyo nyingi. Ni kitu cha maabara na mashirika, dukani sijawahi kuikuta.

Na hilo la "hakuna aliyekufa" tuliangalie. Septemba 2017 wilaya ya Kasese, Uganda, watu 98 waliugua kwa unga wa muhogo na wawili wakafa. Hapa kwetu Masasi walipata ugonjwa wa ghafla kama wa Baba Neema mwaka 1988, wakati wa ukame, watu walipofupisha njia ya kutayarisha kwa sababu ya njaa. Dk. Nicholas Mlingi wa Taasisi ya Chakula na Lishe na wenzake waliuchunguza.

---

Ziwa_Nyasa_Kwetu

Natokea Mbamba Bay. Nisimulie jambo kisha mniambie kama linahusiana. Nilipokuwa mdogo, mtoto wa jirani alilala mzima, asubuhi akaamka miguu imekaza. Haikulegea, ilikaza, magoti yanagongana, anatembea kwa ncha za vidole. Walisema karogwa, wengine wakasema polio. Hakupona ila hakuzidiwa pia, yuko hivyohivyo mpaka leo, akili timamu kabisa, fundi cherehani. Miezi ile tulikuwa tunakula muhogo mtupu asubuhi na jioni, samaki walikuwa hawapatikani.

---

Maabara_Kwanza

Kwa maelezo yako hiyo inafanana sana na konzo. Polio hulegeza mguu, konzo huukaza, na huja miguu yote miwili kwa pamoja, ndani ya siku chache. Haiendelei kukua lakini haiponi, kwa sababu mishipa ya fahamu inayoshuka kutoka kwenye ubongo imeharibika. Inawapata zaidi watoto waliokwisha acha kunyonya na wanawake walio kwenye umri wa kuzaa. Iliandikwa mara ya kwanza na daktari Trolli huko Kongo mwaka 1938. Kwetu ilionekana Tarime mwaka 1985, na miaka ya 2000 ikaonekana Mtwara na huko huko kwenu Mbinga, upande wa ziwa.

Na umetaja kitu kikubwa: samaki hawakuwapo. Mwili una njia ya kuigeuza sayanaidi kuwa kitu dhaifu kinachotoka kwenye mkojo, lakini unahitaji salfa, nayo tunaipata kwenye protini za samaki, nyama, mayai na maharage. Mtu anayekula muhogo usioloweshwa wiki kwa wiki bila kitoweo anaishiwa salfa huku sumu inaingia kila siku. Jinsi hasa sayanaidi inavyofikia kuharibu mishipa ile na kuiacha mingine, watafiti bado wanabishana. Hicho kitu dhaifu nacho kinazuia madini joto yasiingie kwenye tezi, kwa hiyo palipo na upungufu wa chumvi yenye madini joto, rovu linaongezeka.

---

Mla_Vyote

Kwa hiyo Baba Neema na watoto wanaweza kupata hiyo ya miguu?

---

Maabara_Kwanza

Kwa mlo mmoja, na nyumba inayokula maharage na samaki siku nyingine, sioni sababu ya kuogopa hilo. Yao ilikuwa sumu ya ghafla. Ila yeyote atakayeona mtoto anatapika, anapumua kwa shida au analegea baada ya ugali wa muhogo asianze maziwa na mafuta ya kula nyumbani, aende hospitali na aseme neno "muhogo" mlangoni. Abebe unga kidogo kwenye mfuko.

---

BabaNeema_Mbeya

Ahsanteni sana. Sasa gunia. Shemeji yangu amesikia kuna njia ya kulowanisha unga wenyewe.

---

Maabara_Kwanza

Ipo, aliianzisha Howard Bradbury wa Australia, na imetumika kusini mwa Tanzania baada ya konzo. Unatia unga mkavu kwenye beseni, unasawazisha, unaweka alama ulipofikia. Unaongeza maji huku unachanganya. Mwanzoni unga unashuka, kisha unapanda tena. Ukifika kwenye alama, acha. Tandaza kwenye mkeka kwa unene usiozidi sentimita moja, masaa mawili juani au matano kivulini, halafu pika ugali siku hiyohiyo. Kimeng'enya kilicholala kwenye unga kinaamka, kinavunja linamarini, hewa inaondoka.

Lakini inapunguza hadi theluthi au, ukibahatika, sehemu moja ya sita. Unga wenye 40 utashuka vizuri. Wenye 300 utabaki na 50 hadi 100, na wenu umeshalaza watoto. Mimi ningeutupa.

---

Mama_wa_Matema

Kilo sitini kutupa? Alowanishe mara mbili, wakubwa wale na maharage.

---

Maabara_Kwanza

Mama, mara mbili itapunguza zaidi, sibishi. Ila bila kupima hatujui tulianzia wapi, na nyumba yenye watoto unga haukai na jina la "wa wakubwa".

---

Kitulo_Baridi

Na yale makopa ambayo hayajasagwa? Nikiyarudisha majini yalainike upya?

---

Mama_wa_Matema

Makopa makavu tunayaloweka, ndiyo, ila yanachelewa na mengine yanaota ukungu kabla ya kulainika. Mimi napenda mbichi. Tena wenzangu wengine wanaloweka na ganda, wanamenya baadaye, wanasema linalainika haraka. Mimi siwezi, ganda ndilo chungu.

---

Maabara_Kwanza

Hilo la ganda nimeona wanaofanya hivi na wanaofanya vile, na wote unga wao ukiwa safi, mradi umelainika mpaka kiini.

---

BabaNeema_Mbeya

Nimechimba shimo nyuma ya nyumba, gunia limeingia, kasoro kikombe kimoja nilichokifunga vizuri kumpelekea daktari. Mchuuzi wangu amekubali kurudisha nusu ya pesa na ameniomba namba ya Mama wa Matema, anataka kujua kiroba cha uliolowekwa mnauza shilingi ngapi.

---

Mama_wa_Matema

Aje mwenyewe na gari. Na aje na pua yake, asije akarudisha mzigo.